Mifuko 20, 40 au 100? Punguzo la duka la jumla linapolipa na lisipolipa

(MUZIKI WA KIPINDI UNAINGIA, UNASHUKA POLEPOLE)

Ninyi mlioko Kakuma na Kalobeyei, mlioko Nakivale, mlioko Nyarugusu, na wewe uliyeshika karatasi hii kwa sababu redio yako haina betri, karibu. Leo tunaongea na watu wa maduka: mama mwenye kibanda, kaka mwenye duka la mabati, dada anayeuza mchele, unga na sabuni mlangoni kwake. Chukua kalamu kama unayo. Kama huna, fuata tu, nitakwenda taratibu.

Wengi wenu mmeuliza swali moja. Unakwenda duka la jumla kununua mali. Ukutani kuna karatasi: ukinunua kidogo, bei hii, ukinunua nyingi, bei inashuka, ukinunua nyingi zaidi, inashuka tena. Mwenye duka anakwambia, "Mama, chukua nyingi, utafaidika." Je, ni kweli utafaidika?

Jibu ni kwamba wakati mwingine ni kweli na wakati mwingine si kweli, na ipo hesabu ya kujua. Hesabu yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1913, huko Marekani, mhandisi mmoja aitwaye Ford Harris, aliyefanya kazi katika kampuni ya Westinghouse, aliandika katika jarida la mambo ya viwanda akiuliza ni vipuri vingapi inafaa kutengeneza kwa mara moja. Nampenda mtu huyu kwa sababu elimu yake ya darasani iliishia sekondari, kama yangu. Swali lake la kiwandani ni lile lile la dukani kwako: nilete mali kiasi gani kwa safari moja? Tuanze na swali hilo, halafu tuingize punguzo.

Tuchukue mfano. Bei nitakazotaja ni za mfano tu, wewe utaweka zako, ziwe shilingi za Kenya, za Uganda au za Tanzania. Tuseme kuna dada ana duka Kalobeyei, na mchele anaununua Kakuma mjini. Anauza mfuko mmoja wa kilo 25 kwa siku, akipima kikombe kikombe na kilo kilo. Kwa mwezi ni mifuko 30. Bei ya jumla ni shilingi 3,000 kwa mfuko.

Kila anapokwenda mjini kuna gharama ya safari. Analipa pikipiki ya kwenda, anakodi gari dogo la kurudi na mzigo, anamlipa kijana wa kukaa dukani mpaka arudi. Tuseme jumla ni shilingi 1,000. Hapa sikiliza vizuri, maana ndipo watu wengi wanapochanganya. Ndani ya gharama ya safari weka zile pesa tu ambazo hazibadiliki, ukileta mifuko mitano au ishirini. Kama mbebaji anakulipisha shilingi 20 kwa kila mfuko, hiyo si gharama ya safari. Hiyo iongeze kwenye bei ya mfuko, kwa sababu utailipa kwa kila mfuko, hata ukienda mjini mara moja au mara kumi. Ile 3,000 niliyotaja ni bei ya mfuko ukiwa umeshafika dukani.

Gharama ya pili ni ya kuweka mali, na hii haionekani kwa sababu hakuna anayekuandikia risiti yake. Dada yetu amekopa kwenye chama, na chama kinamtoza shilingi 3 kwa kila mia kwa mwezi. Mfuko wa 3,000 ukikaa mwezi mzima umekula shilingi 90 za riba. Halafu kuna panya anayetoboa kona ya mfuko, kuna fukusi, kuna unyevu wa sakafu mvua ikinyesha. Dada huyu aliangalia daftari lake akaona hasara za namna hiyo ni kama shilingi 2 kwa kila mia kwa mwezi. Ukijumlisha ni 5 kwa mia. Kwa hiyo mfuko mmoja ukikaa ndani mwezi mmoja unamgharimu shilingi 150.

Utaniambia, "Mimi sikopi, pesa ni zangu." Sawa, lakini pesa hizo zikilala ndani ya mchele haziwezi kununua sukari ambayo jirani anaiulizia leo. Jiulize zingekuletea nini kwa mwezi kama zingekuwa mkononi, ukaandike hicho badala ya riba.

Sasa gharama hizi mbili zinavutana. Ukileta kidogo kidogo, unamaliza pesa kwenye pikipiki na gari. Ukileta nyingi, unamaliza pesa kwenye riba na panya. Mahali pazuri ni pale ambapo gharama ya safari kwa mwezi inalingana na gharama ya kuweka kwa mwezi.

Kwenye simu yenye kikokotoo unapapata hivi. Chukua mauzo ya mwezi, 30, zidisha mara 2, halafu zidisha kwa gharama ya safari, 1,000. Unapata 60,000. Gawanya kwa gharama ya kuweka mfuko mmoja kwa mwezi, 150. Unapata 400. Kisha tafuta kipeuo cha pili, yaani namba ambayo ikijizidisha yenyewe inatoa 400. Ni 20. Kama simu yako haina alama hiyo, jaribu tu: 15 mara 15 ni 225, ndogo, 25 mara 25 ni 625, kubwa, 20 mara 20 ni 400, ndiyo yenyewe.

Tuihakikishe. Akileta mifuko 20 kila safari, mifuko 30 ya mwezi ni safari moja na nusu, yaani safari tatu kwa miezi miwili. Gharama ya safari ni 1,500 kwa mwezi. Na ndani ya duka kuna mifuko mingapi? Siku ya kuleta ni 20, siku ya mwisho ni sifuri, kwa hiyo kwa wastani ni nusu yake, 10. Mara 150 ni 1,500. Zimelingana. Jumla ni 3,000 kwa mwezi, juu ya bei ya mchele wenyewe, ambayo ni mifuko 30 mara 3,000, yaani 90,000. Yote pamoja ni 93,000. Shika namba hiyo, tutaipima na nyingine.

Jambo moja kabla ya kuendelea. Usihangaike kupata 20 kamili. Akileta 25 badala ya 20, gharama zake mbili zinapanda kutoka 3,000 hadi 3,075 tu. Shilingi 75 kwa mwezi, ni kitu kidogo. Hesabu hii haiadhibu mtu aliyekosea kidogo, na ndiyo maana inafaa hata kama daftari lako lina makadirio. Ukishaenda mbali ndipo inaanza kuuma.

(MUZIKI MFUPI)

Sasa tuingie kwenye karatasi ya ukutani. Tuseme imeandikwa hivi: chini ya mifuko 40, kila mfuko 3,000. Kuanzia 40, kila mfuko 2,900. Kuanzia 100, kila mfuko 2,850.

Mwenye duka la jumla anamwambia dada yetu, "Chukua 100, utaokoa shilingi 15,000 hapa hapa." Na hasemi uongo. Mia moja mara 150 ni 15,000. Lakini dada anauza mfuko mmoja kwa siku. Mifuko 100 atakaa nayo zaidi ya miezi mitatu. Kwa hiyo zile 15,000 si za leo, ni za miezi mitatu na siku kumi. Kwa mwezi mmoja punguzo lake ni mifuko 30 mara 150, yaani 4,500. Hiyo ndiyo namba ya kweli. Punguzo lipime kwa mauzo yako ya mwezi mmoja, maana riba na panya nao wanakula kwa mwezi.

Tuanze na ngazi ya kwanza, mifuko 40 kwa 2,900. Kwanza rudia ile hesabu ya kipeuo kwa bei mpya. Mfuko ukiwa 2,900, kuuweka mwezi ni 145. Elfu 60 gawanya kwa 145 ni kama 414, na kipeuo chake ni 20 na kidogo. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba hata kwa bei ya punguzo, kiasi kinachompendeza bado ni 20, lakini kwa 20 hapewi bei hiyo. Mlango uko kwenye 40. Kwa hiyo akitaka punguzo aingie mlangoni na asimame hapo hapo, 40 kamili. Asiende 50 wala 60, kwa sababu kila mfuko juu ya 40 unamsogeza mbali zaidi na kiasi chake bila kumpa bei nyingine.

Hesabu ya 40: mchele ni 30 mara 2,900, yaani 87,000. Safari ni moja kwa siku arobaini, kwa mwezi ni robo tatu ya safari, 750. Mifuko iliyo ndani kwa wastani ni 20, mara 145, yaani 2,900. Jumla 90,650. Linganisha na 93,000. Ameokoa 2,350 kila mwezi. Hapa punguzo ni la kweli, na mwenye duka alisema vizuri.

Angalia pia kwa nini. Gharama za safari na kuweka zilipanda kutoka 3,000 hadi 3,650. Zimeongezeka 650 tu, wakati punguzo limemrudishia 3,000. Amelipa 650 kununua 3,000.

Twende ngazi ya pili, mifuko 100 kwa 2,850. Mchele ni 85,500. Safari kwa mwezi ni 300. Mifuko iliyo ndani kwa wastani ni 50, na kila mmoja unakula 142 na nusu kwa mwezi, jumla 7,125. Ukijumlisha yote unapata 92,925.

Linganisha tena. Kununua 20 bila punguzo lolote ilikuwa 93,000. Kununua 100 na punguzo kubwa kuliko yote ni 92,925. Tofauti ni shilingi 75 kwa mwezi. Na ukiilinganisha na ile 40, anapoteza zaidi ya 2,200 kila mwezi kwa kufuata bei ndogo zaidi kwenye karatasi. Bei ya chini kabisa ukutani haikuwa gharama ya chini kabisa dukani kwake.

Na hapo nimeihesabia huruma. Mifuko 100 ya kilo 25 ni tani mbili na nusu. Gari dogo lililobeba nusu tani kwa 1,000 halitabeba tani mbili na nusu, labda lirudi mara kadhaa au apate lori. Hata ile 40 ni tani nzima, muulize dereva kabla hujalipa. Tena nimehesabu hasara ya panya na fukusi kama vile ni 2 kwa mia mwezi wa kwanza na 2 kwa mia mwezi wa tatu. Kila aliyeweka mchele kwenye chumba cha mabati anajua kwamba fukusi wa mwezi wa tatu si wale wa mwezi wa kwanza. Wamezaa.

Kuna na pesa ya mkupuo. Mifuko 20 inataka 60,000 mkononi. Mifuko 40 inataka 116,000. Mifuko 100 inataka 285,000. Chama kitakupa kiasi hicho? Na kikikupa, marejesho yataanza lini? Ikiwa chama kinataka pesa yote ndani ya miezi miwili na mchele utaisha mwezi wa nne, utalipa deni la mchele kwa pesa ya sabuni. Ndivyo maduka mengi yanavyobaki na kitu kimoja kimejaa mpaka darini na rafu nyingine ziko tupu.

(MUZIKI MFUPI)

Sasa wewe ambaye riba ya chama chako ni kubwa. Tuseme ni 8 kwa mia kwa mwezi, na hasara 2, jumla 10 kwa mia. Hesabu inageuka. Kiasi chako bila punguzo kinashuka hadi mifuko 14, na jumla ya mwezi ni kama 94,240. Ukinunua 40 kwa 2,900 jumla ni 93,550. Bado 40 inashinda, lakini kwa chini ya 700, siyo tena 2,350. Ukinunua 100, jumla ni 100,050. Umepoteza karibu 6,000 kila mwezi ukidhani umepata punguzo. Na gharama ya kuweka ikifika kama 12 kwa mia, hata ile 40 haina faida tena. Kwa hiyo anayekopa kwa riba kubwa ndiye anayepaswa kuogopa mapunguzo kuliko wote, na bahati mbaya mara nyingi ndiye anayeyakimbilia.

Upande mwingine, kuna kaka ambaye duka lake liko sokoni kabisa na anauza mifuko 120 kwa mwezi. Kwa 5 kwa mia, kiasi chake kwa bei ya 2,900 ni mifuko 41, kwa hiyo ile bei ya 40 anaipata bila hata kujisumbua. Na kwake 100 zinaisha kwa siku 25. Akipiga hesabu ileile ataona kwamba kununua 100 kwa 2,850 kunamwokolea kama 3,500 kwa mwezi kuliko kununua 41, alimradi usafiri wake haupandi. Karatasi ni ileile ukutani, duka la jumla ni lilelile, lakini linalomfaa kaka huyu linamuumiza dada yetu. Usinunue kwa kuangalia jirani amenunua ngapi. Angalia mfuko wako unaisha kwa siku ngapi.

Kuna mtego mwingine kwenye karatasi hizi, na huu unamalizwa kwa swali moja tu kabla ya kulipa. Uliza: "Bei hii ni ya mifuko yote, au ni ya ile ya ziada tu?" Maana yapo mapunguzo ya aina mbili. La kwanza ni lile tulilohesabu: ukifika 40, mifuko yote 40 unalipa 2,900. La pili ni kwamba mifuko 39 ya mwanzo unalipa 3,000, na bei ya 2,900 inaanza kwenye mfuko wa 40 peke yake.

Kwa punguzo la kwanza kuna jambo la kuchekesha karibu na mlango. Mtu akinunua mifuko 39 kwa 3,000 analipa 117,000. Mtu akinunua 40 kwa 2,900 analipa 116,000. Wa pili ameondoka na mfuko mmoja zaidi na elfu moja zaidi mfukoni! Kwa hiyo ukijikuta unataka 39, hakuna haja ya kufikiri.

Kwa punguzo la pili ni tofauti kabisa. Mifuko 40 utailipia 119,900. Umeokoa shilingi 100 tu kwa mzigo wote. Ukipiga hesabu ya mwezi kwa dada yetu unapata kama 93,670, ambayo ni zaidi ya ile 93,000 ya kununua 20. Yaani punguzo hilo limemtia hasara ya karibu 670 kila mwezi. Katika hali hiyo abaki na 20 zake. Maneno kwenye karatasi yanaweza kufanana kabisa, "kuanzia 40 bei ni 2,900", na ndiyo maana ni lazima uulize, na ikiwezekana uandikiwe kwenye risiti kabla mbebaji hajainua mfuko wa kwanza.

(MUZIKI MFUPI)

Hesabu hii ina mipaka yake, na ni vizuri uijue. Imejengwa juu ya mauzo yanayokwenda sawa siku zote, mfuko mmoja leo, mmoja kesho. Kambini si hivyo kila wakati. Wiki ya mgao wa chakula, kama mgao una mchele, dukani pako patakuwa kimya. Pesa za msaada zikiingia kwenye simu, watu watapanga foleni. Mgao ukipunguzwa au ukibadilishwa, mauzo ya 30 yanaweza kuwa 15 au 45 bila mtu kukuuliza. Kwa hiyo tumia wastani wa miezi mitatu ya daftari lako, siyo wa wiki nzuri uliyoifurahia. Na jaribu hesabu mara ya pili ukiweka mauzo ya chini zaidi unayoyakumbuka. Kwa dada yetu, mauzo yakishuka hadi 15 kwa mwezi, mifuko 40 bado inaokoa, lakini kidogo tu, shilingi 350 hivi kwa mwezi. Mifuko 100 ingekaa zaidi ya miezi sita, na hapo tunaongea habari ya fukusi, siyo ya mchele.

Mvua nayo ina hesabu yake. Walioko Kakuma wanajua laga ya Tarach ikijaa maji inavyofanya. Kama unajua njia inaweza kufungwa wiki mbili, kuongeza mifuko michache juu ya kiasi chako ni busara. Lakini hiyo iite akiba ya mvua, usiiite punguzo, na mvua ikiisha irudishe chini.

Utajuaje kwamba ulichukua nyingi mno? Andika tarehe kwa kalamu ya wino kwenye kila mfuko unapoingia. Ukiona mzigo mpya unafika na mifuko ya zamani bado ipo chini, umevuka kiasi chako. Ukiona umeanza kuwakopesha wateja ili mchele utoke tu, umevuka. Ukiona siku ya chama unapunguza bei ili upate marejesho, lile punguzo ulilopewa mjini umeshalitoa kwa wateja wako, na riba imebaki kwako.

Sasa niseme njia ambayo naona ndiyo bora kwa maduka madogo, na nimeiacha mwisho makusudi ili hesabu ziwe zimeshatangulia. Dada yetu anataka bei ya 40 lakini kiasi chake ni 20. Jirani yake ana duka kama lake, naye kiasi chake ni 20. Wakinunua pamoja 40, wakagawana 20 kwa 20, kila mmoja anapata bei ya 2,900 na hakuna anayelala na mchele mwingi. Hata kama kila mmoja ataendelea kulipa 1,000 yake yote ya safari kwa sababu gari la tani moja ni ghali zaidi, hesabu ya mwezi ni 87,000 za mchele, 1,500 za safari na 1,450 za kuweka. Jumla 89,950. Ni chini kuliko 90,650 ya kununua 40 peke yake, na pesa ya mkupuo kwa kila mmoja ni 58,000, siyo 116,000.

Mambo matatu huvunja ushirika wa namna hii. Pesa ikikaa kwa mtu mmoja usiku kucha kabla ya safari, maneno huanza. Bora kila mmoja amlipe mwenye duka la jumla mwenyewe, kwa simu yake, asubuhi ileile. Mifuko isipohesabiwa pale pale dukani mjini mbele ya wote wawili, ule uliochanika utakuwa wa yule ambaye hakuwepo. Kubalianeni kabla kwamba mfuko uliotoboka mnagawana hasara. Na la tatu ni siku ya kununua: kama mmoja anamaliza mchele kwa siku 20 na mwingine kwa siku 30, mmoja atakuwa anamsubiri mwenzake akiwa na rafu tupu. Mtafute anayeuza kwa mwendo wako, au mgawane kwa mauzo, yule wa haraka achukue 24 na wa polepole 16.

Kabla ya wiki ijayo, andika namba nne kwenye ukurasa mmoja wa daftari: unauza mifuko mingapi kwa mwezi, safari moja inakula kiasi gani, chama kinakutoza ngapi kwa mia, na panya na unyevu wanakula ngapi kwa mia. Ukiwa nazo, unaweza kusimama mbele ya karatasi yoyote ya ukutani na simu yako mkononi. Kipindi kijacho tutachukua unga wa mahindi, ambao unaharibika upesi kuliko mchele, tuone namba zinabadilika vipi. Mimi nawatakia jioni njema.

(MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA)